Jirani kashusha bei? Usimjibu kabla hujazijua namba zako nne

Leo naomba tuongee jambo linalotusumbua karibu kila wiki, hasa sisi tunaouza mtandaoni bidhaa zinazofanana. Umeposti mzigo wako asubuhi, bei 20,000. Mchana mwenzako anaposti mzigo ule ule, rangi zile zile, hata picha ni zile zile za muuzaji wa jumla, bei 17,000. Jioni mteja wako anakutumia picha ya skrini: "Dada, mbona kwa fulani ni 17?"

Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Mmoja anakwambia usishushe bei hata siku moja, thamini kazi yako. Mwingine anakwambia biashara ni vita, akishusha na wewe shusha, mpaka mmoja aondoke. Mimi naona wote wawili wanajibu swali ambalo halijakaa sawa. Hakuna jibu la "siku zote shusha" wala "siku zote kaa kimya". Jibu linategemea namba nne, na namba hizo ziko kwenye daftari lako. Ukizijua, utajua pia ni wiki ngapi katika kumi inalipa kupigana. Na muhimu zaidi, utajua ni namba ipi ukiibadilisha, vita vyenyewe vitapungua.

Wazo hili sikulitunga mimi. Mwaka 1973, John Maynard Smith na George Price waliandika makala katika jarida la sayansi la Nature wakiuliza swali la wanyama: kwa nini wanyama wa aina moja wanaogombea chakula au jike mara nyingi hutishana tu, kisha mmoja akaondoka, badala ya kupigana mpaka kufa? Kutokana na kazi hiyo tukapata mchezo unaojulikana kama mwewe na njiwa. Mwewe ni yule anayepigania kitu mpaka mwisho. Njiwa ni yule anayejionyesha, akiona mwenzake kakaza, anamwachia. Si ndege wawili tofauti, ni tabia mbili za mnyama mmoja. Wachumi wakauchukua mchezo ule ule wakautumia kwa kampuni mbili zinazogombea soko moja. Sisi wenye mtaji wa laki mbili nasi tumo humo humo.

Tuweke mfano wa madera ili tusiongee hewani.

NAMBA NNE

Tuseme mimi na mwenzangu tunachukua madera kwa jumla Kariakoo, 12,000 kila moja. Bei yetu ya kawaida ni 20,000, hivyo kila dera linaacha 8,000. Mteja analipia usafiri mwenyewe. Wateja wetu ni wale wale, wanafuata kurasa zote mbili na wanalinganisha.

Namba ya kwanza: wote tumetulia. Hakuna anayeshusha bei wala kulipia tangazo. Kila mmoja anauza madera 10 kwa wiki. Faida ni 10 mara 8,000, yaani 80,000.

Namba ya pili: mimi ni mwewe, yeye katulia. Nashusha hadi 17,000 na nalipia tangazo la 10,000. Wateja wake wengi wanakuja kwangu na wapya wachache wanaongezeka, nauza 24. Kila dera sasa linaacha 5,000, jumla 120,000. Nikitoa tangazo, nabaki na 110,000. Ni tamu, sikatai.

Namba ya tatu: mimi nimetulia, yeye ndiye mwewe. Nabaki na wateja wangu watano wasiohama, wananunua kwa 20,000 ile ile. Faida ni 40,000. Inauma, lakini ipo.

Namba ya nne: wote mwewe. Yeye 17, mimi 16, yeye 15, mimi 14. Tunaishia 14,000 wote wawili, na wote tumelipia tangazo. Kila mmoja anauza 15, kila dera linaacha 2,000, jumla 30,000. Toa tangazo, unabaki na 20,000.

Kwa hiyo namba zetu ni 80, 110, 40 na 20, zote kwa maelfu. Ziangalie vizuri. Mwenzako akitulia, kwako inalipa kushambulia, maana 110 ni zaidi ya 80. Lakini mwenzako akishambulia, kwako inalipa kutulia, maana 40 ni zaidi ya 20. Huu ndio moyo wa mwewe na njiwa: jibu zuri ni kinyume cha anachofanya mwenzako. Akija juu, wewe shuka. Akishuka, wewe panda.

MTEGO WA MAUZO

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya, tena siyo kwa uzembe, bali kwa sababu simu inatuonyesha kitu kimoja tu: pesa iliyoingia.

Angalia wiki ya vita. Madera 15 kwa 14,000 ni 210,000 iliyoingia kwenye simu. Wiki ya utulivu, madera 10 kwa 20,000 ni 200,000. Yaani wiki ya vita imeingiza pesa nyingi zaidi! Umefunga mizigo mingi zaidi, bodaboda kaja mara nyingi zaidi, wateja wamesifia kwenye maoni. Unalala ukijua umepiga kazi. Lakini faida ya wiki ya utulivu ilikuwa 80,000 na hii ni 20,000. Umefanya kazi mara moja na nusu ukapata robo ya faida.

Geuza upande wa pili. Wiki uliyotulia huku mwenzako anashambulia, umeuza madera matano tu, simu imeingiza 100,000. Unajiona umelala njaa. Kumbe faida yako ni 40,000, mara mbili ya ile ya wiki ya vita iliyoingiza 210,000. Ukipima kwa mauzo, utaamini kwamba kupigana ni bora kuliko kutulia. Ukipima kwa faida, ni kinyume chake kabisa.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana wiki ile ile. Vita vikiisha, unarudisha bei 20,000 na mteja anakuuliza, "Si juzi ilikuwa 14?" Kama wiki inayofuata unalazimika kuuza madera yako 10 kwa 18,000, umepoteza 20,000 nyingine. Hiyo ni gharama ya vita vya wiki iliyopita, iandike hukohuko. Ukiiandika, namba yako ya nne siyo 20,000 tena, ni sifuri.

USAWA UKO WAPI?

Sasa tuseme soko lina wauzaji wengi wa madera, na kila wiki wateja wako wanakulinganisha na mmoja wao, hujui ni yupi. Baadhi ni mwewe, baadhi ni njiwa. Je, ni sehemu gani ya soko itakuwa mwewe?

Anza na soko lenye mwewe wachache, tuseme 3 katika 10. Mwewe, kwa wastani, mara 3 katika 10 anakutana na mwewe mwenzake anapata 20,000, na mara 7 anakutana na njiwa anapata 110,000. Wastani wake ni 83,000. Njiwa naye mara 3 anapata 40,000 na mara 7 anapata 80,000. Wastani wake ni 68,000. Kwenye soko hilo mwewe anakula vizuri zaidi. Watu wataona, watamuiga, mwewe wataongezeka.

Sasa nenda upande wa pili, soko ambalo 9 katika 10 ni mwewe. Kwa hesabu ile ile, mwewe anapata wastani wa 29,000 na njiwa 44,000. Hapa aliyetulia anampita anayepigana. Mwewe waliochoka wataanza kutulia, watapungua.

Kwa hiyo mwewe wakiwa wachache wanaongezeka, wakiwa wengi wanapungua. Lazima kuna mahali katikati ambapo kuwa mwewe na kuwa njiwa kunalipa sawasawa, na hapo hakuna anayepata sababu ya kubadilika. Kupatafuta ni hesabu ya kujumlisha na kugawa tu.

Kwanza, chukua faida ya kumshambulia aliyetulia, utoe faida ya wote kutulia: 110 toa 80, ni 30. Hiki ndicho kishawishi cha kupigana.

Pili, chukua faida ya kutulia unaposhambuliwa, utoe faida ya wote kupigana: 40 toa 20, ni 20. Hiki ndicho unachookoa ukikwepa vita.

Tatu, gawa kishawishi kwa jumla ya hivyo viwili: 30 gawa kwa 50, ni 0.6. Yaani 6 katika 10.

Hakiki mwenyewe. Mwewe wakiwa 6 katika 10, mwewe anapata 20 mara 0.6, ambayo ni 12, jumlisha 110 mara 0.4, ambayo ni 44. Jumla 56,000. Njiwa anapata 40 mara 0.6, ambayo ni 24, jumlisha 80 mara 0.4, ambayo ni 32. Jumla 56,000. Wamelingana. Hapo ndipo soko linapotulia, na ukilisukuma kidogo linarudi palepale. Inaweza kuwa wauzaji 6 katika 10 ni mwewe siku zote, au kila muuzaji ni mwewe wiki 6 katika 10 bila mpangilio. Hesabu ni ile ile.

Naomba usipite haraka hapo kwenye 56,000. Kama wote tungetulia, kila mmoja angepata 80,000. Usawa umetuleta kwenye 56,000. Kwa hiyo "usawa" hapa haimaanishi mahali pazuri. Maana yake ni mahali ambapo wewe peke yako huwezi kujiongezea kitu kwa kubadili tabia. Ndiyo maana mtu anayekwambia "acha kupigana, utafanikiwa" anakudanganya, na anayekwambia "pigana zaidi" naye anakudanganya. Kwenye usawa, vyote viwili vinakulipa kiasi kile kile. Pesa ya ziada haitoki kwenye kubadili tabia, inatoka kwenye kubadili namba zenyewe. Nitafika huko.

MKIWA WAWILI TU MNAOJUANA

Hiyo 6 katika 10 inafanya kazi kwenye soko la wengi ambapo hujui utalinganishwa na nani. Mambo yanabadilika mkiwa wawili tu, mnajuana, na kila mmoja anaona ukurasa wa mwenzake. Hapo mchanganyiko ule haukai. Mmoja akianza kushambulia mara nyingi kidogo kuliko usawa, mwenzake anaona inamlipa zaidi kutulia. Akitulia, wa kwanza anaona inamlipa zaidi kushambulia. Mwisho mmoja anakuwa mwewe wa kudumu anakula 110,000 na mwingine njiwa wa kudumu anakula 40,000. Na wala hakuna anayeweza kutoka hapo peke yake: njiwa akijitutumua anashuka kutoka 40 hadi 20, mwewe akitulia anashuka kutoka 110 hadi 80.

Swali la mkate linakuwa: nani atakuwa mwewe? Wanyama wanalo jibu. Nick Davies, Mwingereza, alichapisha mwaka 1978 utafiti wa vipepeo madume wanaogombea vipande vya jua ndani ya msitu. Aliyekuwa amekaa kwanza kwenye kipande cha jua ndiye aliyeshinda, mgeni aliruka naye kidogo kisha akaondoka. Hawakupimana nguvu, walifuata alama moja tu: nani alitangulia. Maynard Smith aliita tabia hiyo ya mwenye mali: ukiwa umetangulia kuwa mwewe, ukiwa mgeni kuwa njiwa. Ukiifuata hiyo, wewe na mwenzako hamgongani kamwe.

Kwenye madera alama hiyo ipo na wengi wanaifuata bila kuijua: nani aliposti mzigo mpya kwanza. Aliyeleta toleo jipya la rangi wiki hii, ana haki ya kulisukuma kwa nguvu, matangazo, ofa, kila kitu. Mwingine anatulia na wateja wake, anasubiri zamu atakayotangulia yeye. Mkipishana hivyo, wiki moja unapata 110,000 na nyingine 40,000. Wastani ni 75,000. Linganisha na 56,000 ya kugongana hovyo. Tofauti ni 19,000 kila wiki, na hakuna aliyemwomba mwenzake chochote.

Nasisitiza hilo la mwisho. Sisemi mkae kwenye simu mpange bei au mgawane wateja. Kupatana bei na mshindani kunakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 hapa Tanzania, na kuwa mdogo hakufanyi mapatano ya bei kuwa jambo zuri kwa mteja. Ninachosema ni kwamba wewe mwenyewe, kwa akili yako, unaweza kuamua kutompiga mwenzako kwenye mzigo aliotangulia nao, na kutorudi nyuma kwenye mzigo uliotangulia nao wewe. Naye akiona mara tatu, nne, ataelewa.

Na kuna jambo linalowashangaza wengi: kwenye mchezo huu kujulikana mapema kunakusaidia. Watu wanaficha ofa ili "wamshtukize" mshindani. Ukimshtukiza naye akawa amepanga kukushtukiza, mmefika kwenye 20,000 wote wawili. Ukitangaza siku nne kabla kwamba Ijumaa una ofa, na mzigo unaonekana umeshafika, mwenzako mwenye akili anakwepa, anauza kitu kingine Ijumaa hiyo. Lakini tangazo liwe la kweli. Ukitangaza bila mzigo mkononi, akakujaribu, utakunja mkia mbele ya wateja wote.

BADILISHA NAMBA ZENYEWE

Hapa ndipo ninapotaka tuweke nguvu, kuliko kwenye kugombana bei.

Rudi kwenye namba ya tatu: umetulia, mwenzako anashambulia, wamebaki wateja watano. Kwa nini watano? Kwa sababu watu watano tu wana sababu ya kununua kwako hata kwa 3,000 zaidi. Labda unawashonea pindo bure. Labda unawatumia video ya kitambaa kwenye mwanga wa jua, rangi wanayoiona ndiyo wanayoipata. Labda unakubali wabadilishe saizi bila maneno.

Tuseme sababu hizo unazifanya ziwe za uhakika, na wasiohama wanafika wanane. Mwenzako akishambulia, unauza 8 kwa faida ya 8,000, yaani 64,000 badala ya 40,000. Hilo la kwanza. La pili, wateja hao watatu wa ziada hawakwenda kwake. Badala ya kuuza 24, anauza 21. Faida yake ni 105,000, toa tangazo, 95,000. Kishawishi chake cha kukushambulia kilikuwa 30,000 juu ya utulivu, sasa ni 15,000. Umekikata nusu bila kushusha bei hata shilingi moja.

Na kama wauzaji wa soko lile wote wangekuwa hivyo? Piga hesabu yetu ya kugawa. Kishawishi ni 95 toa 80, yaani 15. Unachookoa ni 64 toa 20, yaani 44. Gawa 15 kwa 59, unapata kama 0.25. Mwewe wanashuka kutoka 6 katika 10 hadi karibu robo ya soko, na wastani wa kila mmoja unapanda kutoka 56,000 hadi karibu 76,000. Wateja watatu kwa kila muuzaji, basi.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mteja wa kudumu ni "wa kubembeleza", namshangaa. Mteja wa kudumu faida yake siyo ile 8,000 tu anayoiacha. Anamfanya mshindani wako aone kukushambulia hakulipi.

HESABU HII INAPOKATAA

Usiitumie kama dawa ya kila ugonjwa. Kuna hali mbili ambazo mwewe na njiwa hauhusiki, na dalili yake ni moja: namba ya nne imezidi namba ya tatu.

Hali ya kwanza ni mwenzako anayenunua kwa bei ya chini kuliko wewe. Tuseme anayachukua yale madera kwa 9,000, kwa sababu anaagiza mwenyewe kwa marobota. Tupige namba zake. Mkipigana kwa 14,000, kila dera linamwachia 5,000, mara 15 ni 75,000, toa tangazo, 65,000. Akitulia wewe ukishambulia, anauza matano kwa faida ya 11,000, yaani 55,000. Kwake kupigana ni bora kuliko kukwepa. Na ukitulia wewe, kushambulia kunamlipa hata zaidi. Huyo atakuwa mwewe kila wiki, halipizi kisasi wala hana chuki na wewe, hesabu zake ndizo zinamwambia hivyo. Utamtambua vipi? Bei yake haipandi wiki tatu, nne mfululizo, na mzigo haumwishii. Ukiona hivyo usipoteze hata tangazo moja kushindana naye kwenye bidhaa hiyo. Kwako 40,000 bado ni zaidi ya 20,000. Chukua hiyo arobaini huku ukihamisha mtaji taratibu kwenye bidhaa ambayo yeye haagizi.

Hali ya pili ni msimu. Wiki ya kuelekea Idi wateja wanajaa. Tuseme hata mkipigana kila mmoja anauza 40 kwa faida ya 2,000, toa tangazo, 70,000. Aliyetulia anabaki na wateja sita, 48,000. Hapo kutulia hakuna maana, kila mtu atashuka bei na wewe pia utashuka. Hakuna mchanganyiko wa kutafuta. Kilichobaki ni kuhakikisha umenunua mzigo mapema kwa bei nzuri, kwa sababu wiki hiyo kila shilingi ya bei ya jumla ndiyo faida yako.

Idi ikiisha, namba zinarudi zilivyokuwa. Shida ni kwamba watu hawarudi. Unakuta wiki tatu baada ya sikukuu wauzaji bado wako kwenye bei ya vita, kila mmoja anamsubiri mwenzake apandishe. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ukishajua kwamba namba ya tatu sasa imezidi ya nne, huna haja ya kumsubiri mtu. Pandisha bei wewe. Hata mwenzako asipopandisha, utapata zaidi kuliko kubaki naye chini.

FANYA HIVI WIKI HII

Chukua bidhaa moja tu, ile inayokugombanisha zaidi. Rudi kwenye daftari na meseji za malipo za miezi miwili iliyopita. Kila wiki iandike moja ya majina manne: wote tulitulia, mimi nilishambulia, yeye alishambulia, wote tulipigana. Mbele yake andika faida, siyo mauzo: toa bei ya jumla, toa tangazo, toa bando la ziada la kufanya laivu, toa mzigo uliorudishwa. Kila jina lipigie wastani wake. Hizo ndizo namba zako nne. Kama aina fulani ya wiki hujawahi kuipata, iache wazi, usiibuni.

Kisha angalia jambo moja kabla ya yote: namba ya tatu na ya nne, ipi kubwa? Ya tatu ikiwa kubwa, mwenzako akishusha bei usimfuate. Ya nne ikiwa kubwa, utalazimika kupigana, kwa hiyo kazi yako ni bei ya jumla. Na kama zimekaribiana sana, usiamue kwa hasira ya siku moja, andika wiki nne zaidi.

Nyie mnaouza viatu, vipodozi na vyombo, namba zenu hazitafanana na hizi za madera. Ukizipata, ziweke kwenye maoni hapa chini bila jina la mshindani, tupige pamoja tuone usawa wako uko wapi. Nitasoma zote.